Agosti Ikishafungwa, Mfumo Hauigusi Tena

"Ndugu zangu wa mauzo, ghala na matawi, habari za kazi. Kuanzia tarehe 31 Agosti saa 12 jioni, naomba mtu yeyote asirekebishe, asifute wala asibadilishe tarehe ya ankara yoyote ya Agosti kwenye mfumo wa mauzo. Ankara za Septemba endeleeni kuziandika kama kawaida, na malipo ya wateja yapokeeni kama kawaida. Wenye simu ambazo hazijatuma mauzo kwa sababu ya mtandao, hakikisheni zimetuma kabla ya tarehe 4 Septemba saa 10 jioni. Saa hiyo nitaufunga mwezi. Baada ya hapo usawazishaji hautapeleka badiliko lolote la Agosti kwenye vitabu vya hesabu. Litarudi kwangu kwenye orodha ya yaliyokataliwa. Ukigundua kosa la Agosti baada ya muda huo, usiisahihishe ankara ya zamani. Nipigie simu."

Barua pepe ya namna hii huzunguka kila mwisho wa mwezi katika maofisi mengi. Muuzaji aliyeko barabarani huisoma mstari wa kwanza, akaelewa kwamba "mfumo umefungwa", akaiacha hapo. Kesho yake mteja anamletea fedha naye anasita kuzipokea. Mwingine haisomi kabisa, na baada ya siku nane anafungua ankara ya Agosti na kupunguza idadi ya katoni. Wote wawili wangenufaika kujua kinachoendelea nyuma ya barua hiyo, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili tofauti. Kuna ombi linaloelekezwa kwa watu, na kuna kufuli linalowekwa kwenye mashine. Kati ya hayo mawili kuna siku nne, na siku hizo zina kazi yake.

Tuchukue kampuni ya mfano inayosambaza sabuni na mafuta ya kula, yenye ghala Dar es Salaam na wauzaji Morogoro, Dodoma na Singida. Wauzaji wanaandika ankara kwenye programu ya mauzo iliyo ndani ya simu zao. Afisa fedha yeye anafanya kazi kwenye programu ya uhasibu, ambako ndiko kuna leja, hesabu za benki, madeni ya wateja na kodi. Ni mifumo miwili, na kila mmoja una kumbukumbu zake. Kinachoiunganisha ni usawazishaji: kipande cha programu ambacho kila baada ya dakika kadhaa huuliza mfumo wa mauzo, "Kuna kipya? Kuna kilichobadilika?", kisha hubeba kilichopatikana na kukiandika kwenye vitabu vya hesabu.

Swali hilo la pili ndilo chanzo cha barua yetu. Usawazishaji haubebi mauzo mapya tu. Mtu akigusa ankara ya zamani, mfumo wa mauzo huipiga muhuri wa saa mpya ya badiliko, na usawazishaji huiona kama kitu kinachotakiwa kupelekwa upya. Hivyo kila ankara inatembea na tarehe mbili. Ya kwanza ni tarehe ya muamala, siku ambayo mzigo uliuzwa. Ya pili ni saa ya badiliko la mwisho, siku ambayo mtu aliigusa kwenye mfumo. Anayeunganisha programu na QuickBooks Online, kwa mfano, huzikuta kwa majina ya `TxnDate` na `LastUpdatedTime`. Usawazishaji hutumia tarehe ya pili kujua nini cha kubeba. Lakini ukifika mlangoni mwa vitabu vya hesabu, kinachoulizwa ni tarehe ya kwanza tu: je, muamala huu ni wa kipindi kilichofungwa?

Tuifuate ankara moja. Tarehe 29 Agosti muuzaji wa Dodoma anamuuzia mwenye duka la jumla katoni 50 za sabuni kwa shilingi 36,000 kila moja. Hiyo ni shilingi 1,800,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 324,000, ankara inafika shilingi 2,124,000. Jioni hiyo hiyo usawazishaji unaipeleka kwenye uhasibu, na inaingia katika mauzo ya Agosti, katika deni la mteja na katika kodi inayodaiwa.

Tarehe 4 Septemba mwezi unafungwa. Tarehe 6 mwenye duka anapiga simu: katoni 5 zimelowa maji akiwa bado hajazipanga, na muuzaji amekubali kuzichukua. Muuzaji anafungua ankara ya tarehe 29, anafuta 50 na kuandika 45, anabonyeza hifadhi. Kwenye simu yake kila kitu kiko sawa. Ankara sasa inasomeka shilingi 1,911,600, na mteja ametumiwa nakala mpya.

Usawazishaji unaikuta ankara hiyo ikiwa na muhuri wa tarehe 6 Septemba na kuibeba. Unapofika kwenye uhasibu unakuta tarehe ya muamala ni 29 Agosti, na vitabu vimefungwa hadi 31 Agosti. Hapo unatakiwa kufanya kitu kimoja: kuiacha ankara ya Agosti kama ilivyo, na kuandika kwenye orodha ya yaliyokataliwa namba ya ankara, nani aliibadilisha, lini, kiasi cha zamani na kiasi kipya. Tofauti ni shilingi 212,400, yaani 180,000 za mzigo na 32,400 za VAT.

Muuzaji akiambiwa kwamba badiliko lake limekataliwa, huona kama anazuiwa kusema ukweli. Katoni zimerudi kweli; kwa nini vitabu viendelee kusema 50? Lakini tarehe 29 Agosti mteja alipokea katoni 50, na mwezi ulipoisha alikuwa anadaiwa za katoni 50. Kurudi kwa katoni 5 ni tukio la Septemba, na mahali pake ni Septemba. Afisa fedha anaandika kredit noti ya tarehe 6 Septemba, hati ya kumpunguzia mteja deni, yenye katoni 5, shilingi 180,000 na VAT 32,400, ikitaja namba ya ankara ya awali. Deni la mteja linashuka hadi 1,911,600, kile kile alichokitaka muuzaji. Agosti haijaguswa. Kwenye mfumo wa mauzo, ankara inarudishwa katoni 50 na kredit noti inaandikwa kando yake, ili mifumo yote miwili isimulie habari moja. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika mno. Ikisahaulika, mfumo wa mauzo utabaki unasema 45 na uhasibu unasema 50 kisha toa 5, na kila atakayelinganisha jumla za Agosti atakuta pengo asilolielewa.

Kufungwa huku hakutokani na ukaidi wa watu wa fedha. Namba za Agosti zikishatoka, zinakwenda mahali ambako haziwezi kurudishwa kimyakimya. Kamisheni za wauzaji hulipwa kwa mauzo ya Agosti. Mkurugenzi anapelekewa taarifa, na benki iliyokopesha inaweza kuwa inadai nakala. Kubwa zaidi ni kodi: Tanzania Bara, ritani ya VAT ya Agosti inatakiwa kufika Mamlaka ya Mapato ifikapo tarehe 20 Septemba. Ritani ikishawasilishwa ikiwa na VAT ya 324,000 kwa ankara ile, halafu tarehe 22 mtu akaifanya iwe 291,600, vitabu vya kampuni vinapingana na kile kampuni yenyewe ilichokitamka kwa mamlaka. Mkaguzi akija mwaka unaofuata, shilingi 32,400 zitamsumbua kidogo. Kitakachomsumbua zaidi ni kwamba hakuna anayeweza kumweleza zilikwenda wapi. Kenya wamelifunga jambo hili kutoka upande wa pili: ankara iliyokwisha kupita kwenye eTIMS haihaririwi wala haifutwi, bali hurekebishwa kwa kredit noti inayotaja ankara ya awali.

Sasa turudi kwenye zile siku nne. Kwa nini afisa fedha asitishe marekebisho tarehe 31 kisha asubiri hadi tarehe 4 ndipo aweke kufuli? Kwa sababu mauzo ya Agosti hayajafika yote. Muuzaji wa Singida aliuza tarehe 30 akiwa kijijini kusiko na mtandao. Ankara imo ndani ya simu yake, ina tarehe sahihi, lakini itaondoka siku atakaporudi mjini. Kama kufuli lingewekwa usiku wa tarehe 31, mauzo halali ya Agosti yangegonga mlango na kurudishwa. Katika siku zile nne mlango umefungwa kwa marekebisho ya watu, lakini uko wazi kwa mauzo yaliyochelewa njiani. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ni ombi na wala si kufuli: mashine nyingi haziwezi kutofautisha ankara mpya ya tarehe 30 iliyochelewa na ankara ya tarehe 30 iliyochezewa, mpaka mtu aangalie.

Ndani ya siku hizo afisa fedha anafanya kazi moja isiyoonekana, nayo ni kuhakikisha foleni imekwisha. Anaangalia kila simu ilituma mara ya mwisho lini. Simu ambayo haijatuma tangu tarehe 29 inampa wasiwasi hata kama muuzaji anaapa kwamba hana mauzo. Halafu analinganisha namba za ankara. Zikifuatana 4117, 4118, 4120, anajua 4119 iko mahali fulani, ama imefutwa, ama imo kwenye simu isiyo na chaji. Kufunga mwezi kabla foleni haijaisha ni kosa ambalo hugharimu siku mbili za simu na maelezo baadaye.

Kuna mauzo ambayo yatachelewa hata hivyo. Tuseme ankara ya Singida ya tarehe 30 Agosti inafika tarehe 9 Septemba, mwezi ukiwa umefungwa. Usawazishaji utaikataa, na ni vizuri ikataliwe, lakini dawa yake si ile ya katoni zilizolowa. Mauzo haya ni ya Agosti kweli, na kama risiti ya mashine ya EFD ilitoka siku ile ile, ripoti ya Z ya tarehe 30 imeshayahesabu katika Agosti. Kuyaingiza Septemba kwa sababu tu ndiyo iliyo wazi kutaifanya ritani ya Agosti ipungue dhidi ya kile ambacho mashine ya EFD imekwisha kukirekodi. Kwa kuwa tarehe 20 haijafika na ritani haijapelekwa, hapa jambo sahihi ni kufungua Agosti kwa idhini, kuiingiza ankara hiyo moja, na kufunga tena. Ndiyo tofauti ninayopenda kila mtu aishike: swali la kwanza ni tukio hili lilitokea mwezi gani, na swali la pili ni kitu gani kimeshatoka nje ya ofisi kikiwa na namba za mwezi huo.

Kuhusu malipo, yule muuzaji aliyesita kupokea fedha hakuwa na sababu ya kusita. Mteja akilipa tarehe 7 Septemba kwa ankara ya 29 Agosti, malipo hayo ni muamala wa Septemba. Yanaingia benki Septemba na yanapunguza deni Septemba. Deni la mwisho wa Agosti linabaki vile vile. Hata hivyo, kuna usawazishaji uliotengenezwa vibaya unaojikwaa hapa. Malipo yakipokelewa, mfumo wa mauzo hubadilisha hali ya ankara kutoka "haijalipwa" kuwa "imelipwa". Hilo ni badiliko, hivyo ankara inapigwa muhuri mpya, na usawazishaji unajaribu kuipeleka yote upya kana kwamba imehaririwa. Inakataliwa. Baada ya dakika kumi inajaribu tena, inakataliwa tena, na kufikia jioni orodha ya yaliyokataliwa ina mamia ya mistari ambayo haina kosa lolote la kweli. Ile ankara moja ya katoni 45 imezama humo ndani na hakuna atakayeiona.

Usawazishaji uliotengenezwa vizuri hulinganisha kwanza. Huangalia mambo yanayogusa hesabu, yaani tarehe, mteja, bidhaa, idadi, bei, kodi na akaunti, na kama hakuna hata moja lililobadilika, hauipeleki ankara kabisa. Namba ya simu ya mteja ikisahihishwa, hali ya malipo ikibadilika, maoni yakiongezwa, ankara ya Agosti haibishi hodi kwenye uhasibu. Kampuni inayonunua mfumo wa namna hii ingefanya vyema kulijaribu jambo hili mbele ya muuzaji wa programu kabla ya kusaini: funga mwezi wa majaribio, lipa ankara ya mwezi huo, kisha badilisha idadi kwenye ankara nyingine. Ya kwanza isilete mstari wowote kwenye orodha, ya pili ilete mmoja tu.

Katika jaribio hilo hilo angalia kama kuna mpangilio wa kusogeza tarehe. Baadhi ya programu za kuunganisha mifumo, zikikuta kipindi kimefungwa, huwa na hiari ya kuibadilisha tarehe ya muamala kuwa siku ya kwanza ya mwezi ulio wazi na kuuingiza bila kumuuliza mtu. Wanaouza huiita huduma. Mimi naiona kuwa ya hatari kuliko kukataa, kwa sababu kukataa kunaonekana. Ankara ya Singida ingeingia tarehe 1 Septemba bila kelele, muuzaji angeona imefika, afisa fedha angeona mauzo ya Septemba, na Agosti ingebaki na upungufu ambao hauna ujumbe wowote wa kosa.

Programu za uhasibu zenyewe hazifungi kwa namna moja. QuickBooks Online ina tarehe ya kufunga vitabu, na mwenye mamlaka anaweza kuongeza neno la siri: mtu anayejaribu kubadilisha muamala wa kabla ya tarehe hiyo hulazimika kuliandika. Programu ya nje inayoingia kwa niaba ya kampuni haina mahali pa kuandika neno hilo, kwa hiyo hukataliwa moja kwa moja. Xero ina tarehe mbili za kufuli, moja inayowazuia watumiaji wa kawaida lakini ikawaruhusu washauri wa hesabu, na nyingine inayomzuia kila mtu. Hapo kuna mtego kwa usawazishaji. Kufuli la kwanza linamtazama mtu aliyeingia, na usawazishaji huingia kwa akaunti ya mtu fulani aliyeiunganisha mifumo siku ya kwanza, mara nyingi mwenye madaraka makubwa. Kwa hiyo afisa fedha anayetegemea kufuli la kwanza asiamini tu kwamba limezuia kila njia. Alijaribu kwa ankara ya shilingi elfu moja, aone kama inapita.

Kuna uvujaji mwingine usioleta ujumbe wa kosa, nao hutoka kwenye saa. Seva nyingi za mifumo ya wingu huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa ya UTC, na Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa ghala linalofunga jioni hakuna shida. Lakini kituo cha mafuta au duka la dawa linalouza usiku kucha linauza pia saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba. Kwa UTC wakati huo bado ni tarehe 31 Agosti, saa 3:40 usiku. Kama usawazishaji unachukua tarehe kutoka kwenye saa ya seva badala ya tarehe iliyo kwenye risiti, mauzo yote ya kati ya saa 6 na saa 9 usiku yataingia Agosti. Na kwa kuwa Agosti bado iko wazi hadi tarehe 4, hakuna kitakachoyakataa.

Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu linajirudia kila mwezi. Mauzo ya saa tatu za usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti yalikwenda Julai, ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba yamekuja Agosti, na jumla ya mwezi inakaribia kuwa ile ile. Atakayelinganisha jumla za mwezi anaweza kupita miaka bila kuliona. Linaonekana kwa kulinganisha siku moja: mauzo ya tarehe 31 Agosti kwenye uhasibu dhidi ya ripoti ya Z ya mashine ya EFD ya siku hiyo. Yasipolingana, na tofauti ikawa sawa na mauzo ya saa tatu za mwanzo za tarehe 1 ukitoa yale ya saa tatu za mwanzo za tarehe 31, umeshampata mhusika. Rekebisho lake ni kumwambia anayesimamia usawazishaji achukue tarehe ya risiti, au aweke eneo la saa la Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kukata tarehe.

Gharama za bidhaa nazo zina njia yake ya kuingia mwezi uliofungwa. Tuseme mtu wa ghala anaingiza tarehe 8 Septemba ankara ya msambazaji yenye tarehe ya 20 Agosti, na bei ya kununulia sabuni ni kubwa kuliko ile iliyokuwa kwenye mfumo. Kwenye programu zinazokokotoa gharama kwa wastani, badiliko hilo linaweza kusogeza gharama ya kila katoni iliyouzwa baada ya tarehe 20 Agosti, na hivyo faida ya Agosti ikabadilika ingawa hakuna ankara hata moja ya mauzo iliyoguswa. Kama ghala liko kwenye mfumo wa mauzo na uhasibu unapokea tu jumla ya gharama, kufuli la uhasibu litaizuia jumla hiyo isiingie, lakini mfumo wa ghala wenyewe utakuwa umeshabadilika. Thamani ya mzigo kwenye mifumo miwili haitalingana tena. Kwa sababu hii, ombi la barua ya afisa fedha linawahusu watu wa ghala na manunuzi sawasawa na watu wa mauzo, na mfumo wa ghala nao unapaswa kuwekewa tarehe yake ya kufungwa, isiwe kwenye uhasibu peke yake.

Mtu atajuaje kama kufuli limeshika? Njia ninayoiamini ni rahisi kiasi kwamba wengi huiruka. Dakika mwezi unapofungwa, afisa fedha anachapisha urari wa tarehe 31 Agosti, orodha ya akaunti zote na salio la kila moja, na kuuhifadhi kama faili lisilobadilika. Siku ya kuandaa ritani ya VAT anatoa urari wa tarehe ile ile upya na kuweka karatasi mbili pamoja. Kila salio linatakiwa kuwa lile lile hadi shilingi. Likitofautiana moja, kuna kilichoingia. QuickBooks Online ina ripoti ya `Exceptions to Closing Date` inayoonyesha miamala iliyoongezwa au kubadilishwa baada ya tarehe ya kufunga, pamoja na jina la aliyefanya hivyo. Kwenye programu isiyo na ripoti hiyo, kumbukumbu ya mabadiliko huchujwa kwa masharti mawili: tarehe ya muamala ni Agosti au kabla yake, na saa ya badiliko ni baada ya tarehe 4 Septemba saa 10 jioni.

Na orodha ya yaliyokataliwa inahitaji mwenyewe. Lazima mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aisome kila siku na kuimaliza kila wiki, na kila mstari uishie kwenye moja ya majibu matatu: kredit noti au marekebisho ya mwezi ulio wazi, kufunguliwa kwa mwezi kwa idhini, au kurudishwa kwa mfumo wa mauzo katika hali yake ya awali. Mstari unaobaki bila jibu maana yake mifumo miwili imeachana, na kila siku inayopita anayekumbuka kilichotokea anapungua.

Kufungua mwezi kwa idhini nako kuna utaratibu. Turudi kwa ankara iliyochelewa ya Singida. Afisa fedha anamwandikia mhasibu mkuu akitaja namba ya ankara, kiasi chake na sababu. Akikubaliwa, kwanza anausimamisha usawazishaji wote. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi na ndiyo huleta hasara, kwa sababu tarehe ya kufunga ikisogezwa nyuma huku usawazishaji unaendelea, kila kilichokuwa kimekataliwa kwa Agosti, pamoja na ile ankara ya katoni 45 kama haijarudishwa, kitapita mlangoni ndani ya dakika chache. Usawazishaji ukiwa umesimama, anaisogeza tarehe ya kufunga hadi 31 Julai na kuiingiza ankara ya Singida kwa mkono, akitumia namba ile ile iliyo kwenye mfumo wa mauzo ili baadaye isihesabiwe mara mbili. Anairudisha tarehe ya kufunga hadi 31 Agosti. Anatoa urari mpya na kuhakikisha kwamba tofauti na ule wa zamani ni ankara hiyo peke yake: mauzo, VAT, deni la mteja, na gharama ya mzigo uliotoka. Kisha anauwasha usawazishaji, anautazama mzunguko wake wa kwanza hadi uishe, na kuwatumia urari mpya wote waliopokea ule wa kwanza.